Kosa Lisiloifaa Hadithi

Riwaya ya kihistoria huwaweka watu wa kubuni katikati ya mambo yaliyotokea kweli. Msomaji wake hukubali mengi. Hukubali mazungumzo ambayo hakuna aliyeyaandika, mapenzi ambayo hayamo katika waraka wowote, na mawazo ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Asichokubali kwa urahisi ni sarafu ambayo ilikuwa bado haijafuliwa, au mji ambao ulikuwa bado haujajengwa. Kwa nini akubali jambo kubwa namna ile na kukataa dogo namna hii? Kwa sababu mapenzi ya kubuni yanaifanyia hadithi kazi, lakini sarafu isiyo ya wakati wake haifanyi kazi yoyote. Imeingia tu kwa sababu hakuna aliyeiangalia.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa hakianzi na swali la kama jambo fulani ni kweli au si kweli. Kinaanza na swali jingine: likisahihishwa, hadithi itapoteza nini? Ikiwa itapoteza uti wake, mwandishi alikusudia, na ana haki ya kusikilizwa. Ikiwa haipotezi kitu, huo ni uzembe. Kipimo hiki kinaeleweka vizuri zaidi mahali ambapo msomaji anaijua ardhi yenyewe, na kwa makala haya mahali hapo ni Isongole, kwenye miinuko ya Rungwe, kando ya barabara ishukayo kutoka Uyole kwenda Kiwira na Tukuyu.

Makosa ya uzembe ni nadra kutokea katika tarehe kubwa. Mwandishi yeyote wa hadithi ya Wahehe ataiandika Lugalo kuwa 17 Agosti 1891, maana tarehe hiyo imo katika kila kitabu cha shule, na ataandika kwamba Mkwawa alijiua Julai 1898. Anapojikwaa ni pale ambapo hakuna anayemtazama. Kwa mfano, askari weusi wa jeshi lililopigwa Lugalo aweza kuwafanya wote kuwa Wanyamwezi, ilhali Wissmann alipoliunda jeshi hilo mwaka 1889 alitegemea sana Wasudani walioandikishwa Misri na watu kutoka Msumbiji waliokuwa wakiitwa Wazulu. Tarehe ya vita ni sahihi, lakini watu wanaokufa ndani yake si wale waliokufa.

Isongole ya leo humdanganya mwandishi kwa upole. Anayesimama barabarani huona viazi mviringo vikipanda mlima hadi ukingoni mwa msitu wa Ngozi, mikaratusi imesimama mistari, na mabati yaking'aa baada ya mvua. Akishuka kuelekea Tukuyu hukutana na mashamba ya chai. Yote hayo yanaonekana kana kwamba yamekuwapo tangu milima ilipoumbwa. Mwandishi wa makala haya alikulia katika mandhari hiyo na, kama watoto wengine wa huko, aliamini kwamba chai na viazi ni vya kale kama migomba. Migomba kweli ni ya zamani. Joseph Thomson, aliyepita upande huu mwaka 1879, aliisifu, pamoja na nyumba safi za mianzi zilizosimama kati yake. Viazi mviringo vilikuja na Wazungu. Chai ilipandwa kwa majaribio Kyimbila mwaka 1904, na kilimo chake cha biashara nchini kilianza 1926. Mkaratusi ni mgeni kutoka Australia.

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja mstaafu wa upande huo aliandika mswada wa riwaya na kuomba usomwe kabla ya kupelekwa kwa mchapishaji. Ulikuwa na nguvu. Sauti za watu zilisikika, na uchungu wa baba aliyedaiwa kodi ulishika tangu ukurasa wa kwanza. Ila sura yake ya pili, iliyowekwa Aprili 1899, ni mfano mzuri wa jinsi makosa yanavyoingia, hivyo inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Katika sura hiyo baba na binti yake wanaondoka alfajiri kutoka nyumba ya bati huku juu karibu na Isongole. Wanashuka kwa njia yenye vumbi jingi, wanapita kando ya mashamba ya chai, na njiani wanakutana na binamu aliyetoka mjini Mbeya. Jioni wanafika boma la Tukuyu, ambako baba anatoa hela zake mbele ya karani kulipa kodi ya nyumba. Karani anazihesabu, anamwambia hazitoshi, na baba anafungwa.

Chai imekwisha kuelezwa: imewahi kwa miaka mitano. Vumbi ni kosa la majira. Mtu wa Rungwe hahitaji kitabu kulitambua, maana Aprili ndio mwezi ambao mvua za huko hufikia kilele, na njia ya mteremko huwa utelezi mtupu. Mbeya ni jina la mlima kabla ya kuwa jina la mji. Mji wenyewe ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, ukakuzwa na dhahabu ya Lupa, kwa hiyo binamu wa 1899 hangeweza kutoka huko. Hela nayo ilikuwa haijazaliwa. Fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi wakati huo ilikuwa rupia iliyogawanywa katika pesa 64, na mgawanyo wa rupia moja kwa hela 100 uliletwa na mabadiliko ya 1904. Bati, kwa nyumba ya mkulima wa milimani mwaka ule, halikuwezekana.

Boma ndilo kosa la kina zaidi, kwa sababu linabeba sura nzima. Makao ya utawala wa Kijerumani kwa eneo hili hayakuanzia Tukuyu. Yalianzia Langenburg, kituo kilichojengwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone mwaka 1893, wakati Wissmann alipoileta meli iliyoitwa kwa jina lake. Ni mwanzoni mwa karne ya 20 tu ambapo makao yalihamishiwa juu penye hewa nzuri, na Tukuyu ikaitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Baba wa 1899 alipelekwa kwenye boma ambalo lilikuwa halijahamia huko.

Jambo moja katika sura hiyo lilikuwa sahihi, nalo ndilo lililoibeba: kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni mwaka 1898, na kiwango chake kwa nyumba ya kijijini kilikuwa rupia 3. Mwanzoni wengi waliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi, maana sarafu zilikuwa chache sana huku bara. Mwalimu aliyajua hayo yote na aliyaandika vizuri.

Je, mtu anayeijua kodi kwa undani huo anakoseaje sarafu ya kuilipia? Jibu lilipatikana alipoeleza alivyofanya utafiti wake. Alikaa na wazee. Waliomsimulia walikuwa wamesikia kwa mama na bibi zao kuhusu kodi, hela, chai ya walowezi na boma la Tukuyu, na kila walichomwambia kilikuwa kweli. Lakini kila kitu walikiweka katika kapu moja lililoitwa wakati wa Mjerumani. Wakati huo kwa Rungwe ulikuwa zaidi ya miaka 20, kuanzia kituo cha ziwani cha 1893 hadi majeshi ya Jenerali Northey yalipovuka kutoka Nyasaland na kuiteka Neu-Langenburg mwishoni mwa Mei 1916. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa kipindi hicho alikuwa na watoto wake mwishoni. Kumbukumbu ya vizazi viwili imekibana kikawa kama msimu mmoja, na mwandishi akachukua vitu vya 1898, 1901, 1904 na hata vya baadaye akaviweka katika asubuhi moja.

Huo ndio mzizi wa makosa mengi ya riwaya za kihistoria za Afrika Mashariki, na si vyema kuyaita uongo wa wazee. Wazee wa Rungwe hawakuhesabu kwa mwaka wa kalenda. Walihesabu kwa tukio: tetemeko kubwa la Desemba 1910 lililotikisa nchi ya kusini magharibi, kuingia kwa Waingereza 1916, mafua ya 1918 yaliyoua watu wengi. Bibi wa mwandishi wa makala haya alitaja umri wa dada zake kwa njia hiyo hiyo, na hakukosea mpangilio wake hata siku moja. Kwake jambo fulani lilitangulia tetemeko au lilifuata tetemeko. Kwa hiyo mtafiti anayemuuliza mzee kama jambo lilikuwapo wakati wa Mjerumani atapata jibu la ndiyo lisilomsaidia. Akimuuliza kama lilikuwapo kabla ya ardhi kutikisika, na nani alikuwa mtoto wa mgongoni wakati huo, atapata mpangilio. Kazi ya kuufunga mpangilio huo na tarehe chache zilizoandikwa inabaki kwake mwenyewe, na inawezekana.

Marekebisho ya sura ile yanaonyesha kipimo kikifanya kazi. Bati likawa nyasi juu ya kuta za mianzi, na hakuna kilichopungua. Chai ikaondolewa, na mahali pake mwalimu akaandika msitu wa mianzi unaoishia penye migomba ya kwanza, ambako baridi inaanza kumwacha msafiri. Binamu akatoka Utengule, ambako Wamoravia walikuwa wamekwisha kufungua kituo katika miaka ya 1890. Hela ikawa rupia. Yote hayo yalisahihishwa bila jasho, na ndiyo maana yalikuwa makosa ya uzembe. Hadithi haikuyahitaji.

Mvua na boma vilidai kazi zaidi. Aprili ilibaki, maana binti alizaliwa katika njaa ya masika na tarehe hiyo ilirudi tena mwishoni mwa kitabu. Basi vumbi likawa tope. Tukuyu ilipoondolewa, safari ya kutwa moja ikageuka safari ya siku kadhaa: kushuka Rungwe, kuvuka mito iliyofurika, Mbaka na kisha Lufilyo, hadi tambarare ya ziwani. Huko watu wa milimani waliogopa homa, na hawakuwa wamekosea, kwa sababu malaria ya ufukweni iliwaua wageni wengi, Wazungu kwa Waafrika. Kutoka hapo ilibidi mtumbwi ufuate ukingo wa ziwa. Binti aliyezaliwa kwenye ukungu anaona maji yasiyo na ng'ambo kwa mara ya kwanza, na juu yake meli ya chuma inayotoa moshi. Mwaka 1899 meli hiyo ilikuwa na haki ya kuwapo. Ingewekwa katika sura ya 1891, isingekuwa nayo.

Hapo ukweli uliipa hadithi kitu ambacho ubunifu wa mwalimu ulikuwa haujafikia. Baba sasa hadaiwi kodi na jirani mwenye bunduki aliyeko mwendo wa kutwa moja. Anadaiwa na watu walioko upande wa pili wa homa na maji, na analazimika kumpeleka mwanawe katika joto linaloua ili akaombe kulipa kwa kubeba mizigo badala ya rupia asizokuwa nazo. Kufungwa kwake kunauma zaidi. Isichukuliwe kwamba usahihi hufanya hivyo kila mara. Mara nyingi hausaidii wala haudhuru hadithi, na bado unadaiwa.

Kuna aina ya kosa ambayo haionekani kwa kuangalia tarehe, nayo ilikuwa imejificha katika sura ya tano. Humo palikuwa na chifu, malafyale, aliyeketi katika baraza lake na karani mwenye daftari la kodi, akihukumu kesi za ng'ombe na kutoza faini. Palikuwa pia na maelezo marefu ya vijiji vya rika, ambapo vijana walihama kwa wazazi wao na kujenga pamoja, na ya sherehe ya kuwakabidhi nchi walipokomaa. Yote yalikuwa na chanzo cha kuheshimika. Godfrey na Monica Wilson waliishi kati ya Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na vitabu vilivyotokana na kazi hiyo, kuanzia kile cha 1951 kuhusu vijiji vya rika, ndivyo vinavyosomwa hadi leo na kila anayetaka kuijua Rungwe ya zamani.

Tatizo liko katika miaka hiyo yenyewe. Walichokiona akina Wilson kilikuwa Rungwe ya miaka ya 1930, baada ya utawala wa Kijerumani, baada ya vita, na baada ya Waingereza kuanzisha mamlaka za wenyeji kwa sheria ya 1926. Karani, daftari na faini za barazani ni mambo ya mfumo huo. Simon Charsley, aliyechapisha utafiti wake kuhusu watawala wa Wanyakyusa mwaka 1969, alirudi kwenye maandishi ya wamisionari na ya serikali na kuonyesha kwamba utawala wa machifu ulioelezwa kana kwamba ni wa tangu zamani ulikuwa umebadilishwa sana na ukoloni. Mwandishi anayeichukua picha ya 1935 na kuivika tarehe ya 1899 hajabuni kitu na hajasema uongo wowote unaoweza kuwekewa kidole. Ameitendea jamii kana kwamba haikuwa na historia hadi ilipoandikwa, na kwa mpenzi wa mambo ya kale hilo ni zito kuliko hela iliyowahi miaka mitano.

Namna ya kulitambua ni kuuliza kila chanzo kiliandikwa lini na kilikuwa kinatazama nini. Kwa miaka ya 1890 vipo vyanzo vilivyo karibu zaidi. Wamoravia na Waluteri wa Berlin walifika Rungwe mwaka 1891 na waliandika barua na taarifa nyingi. Kwa upande wa Wasafwa, majirani wa Isongole kwa juu, Elise Kootz-Kretschmer alikusanya masimulizi na maisha ya watu, yakiwamo ya wanawake waliopitia utumwa, na kuyachapisha kwa Kijerumani katika miaka ya 1920. Marcia Wright baadaye aliyachambua masimulizi ya wanawake hao, akionyesha jinsi mwanamke asiye na ndugu alivyoweza kutolewa kama fidia katika kesi isiyomhusu. Vyanzo hivi navyo vina macho yake, maana mmisionari aliandika akiwataka wasomaji wa Ulaya watoe sadaka. Hata hivyo alikuwapo. Mwalimu alimtoa karani, akalitoa daftari, akamwacha malafyale kama mtu ambaye nguvu yake ilitegemea ng'ombe, undugu na woga wa mvua kukosekana. Kijiji cha vijana alikibakiza. Sherehe kubwa ya makabidhiano aliipunguza ikawa jambo linalotajwa na mhusika mmoja mzee bila kuelezwa, na hapo hakudai kujua zaidi ya alichokijua.

Je, ni lini mwandishi ana haki ya kuukiuka ukweli anaoujua? Mfano ulio wazi katika Kiswahili ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, mchezo uliotoka 1969. Kinjeketile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya vita, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza Umatumbi mwishoni mwa Julai. Hakuishi kuuona mwaka 1906, wala njaa iliyowamaliza watu wa kusini. Kinjeketile wa mchezo anaishi. Anaona maji yakishindwa, anafungwa, na anatakiwa kukiri kwamba yalikuwa uongo. Kisha Hussein anamwambia msomaji katika utangulizi wake kwamba mtu wake ni wa kubuni, ingawa anafanana na yule wa historia kwa matendo yake.

Weka kipimo hapo. Mnyonge Kinjeketile kwa tarehe yake, na mchezo unakosa moyo, kwa sababu moyo wake ni mtu kukabili matokeo ya neno alilolianzisha. Kosa la sarafu lingesahihishwa kwa kalamu nyekundu, lakini hili lisingesahihishika bila kuandika mchezo mwingine. Tena mkiuko wenyewe umeelekea upande mmoja: wakati umerefushwa kwa mtu mmoja, kwa sababu moja. Makosa ya uzembe hayana mwelekeo. Yametapakaa katika chakula, mavazi, hali ya hewa na majina ya miji, na hakuna wazo linaloyaunganisha. Msomaji anayetaka kujua kama mwandishi alijua anachofanya aangalie mtawanyiko huo kabla ya kumhukumu.

Abdulrazak Gurnah alitumia njia ya tatu katika riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi mwaka 2022. Sehemu ya msafara wa biashara kwenda bara, pamoja na mtawala Chatu anayewanyang'anya wafanyabiashara mali yao, inaitikia simulizi ya kweli ya Selemani bin Mwenye Chande, ambayo Carl Velten aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Msafara wa Selemani ulikuwa wa miaka ya 1890. Riwaya inausogeza mbele, na inaishia Wajerumani wanapokusanya watu kwa vita vilivyoanza 1914. Aliyeisoma simulizi ya Selemani ataona kwamba vitu vidogo vimetendewa kwa heshima, yaani bidhaa, tabia ya wapagazi na namna hongo ilivyojadiliwa njiani. Kilichosogezwa ni wakati, na umesogezwa ili kijana Yusuf aione biashara ya pwani ikifa na dola ya kigeni ikichukua nafasi yake katika maisha yake mafupi. Mwandishi aliyezembea asingeweza kufanya hivyo, kwa sababu kusogeza wakati kunamlazimu mtu kujua kila kitu kinachosogea pamoja nao.

Yapo pia mambo ambayo msomaji mkali hapaswi kuyadai. Watu wa mswada wa Isongole wanazungumza Kiswahili sanifu, ilhali mwaka 1899 milimani watu walizungumza Kinyakyusa na Kisafwa, na Kiswahili kilikuwa cha askari, wafanyabiashara na karani wa boma. Kulisahihisha jambo hilo ni kuifuta riwaya nzima, kwa hiyo linakubaliwa kama kanuni ya sanaa. Inatosha mwandishi aonyeshe pale penye umuhimu kwamba baba na karani hawaelewani moja kwa moja na kwamba mkalimani yuko kati yao, maana mkalimani huyo alikuwa na uwezo wa kumwokoa au kumwangamiza mlipa kodi. Katika mswada wa kwanza hakuwapo. Katika wa pili akawa mmoja wa wahusika wakuu.

Hadithi zinazosimuliwa bila uthibitisho nazo zina mahali pake. Ziwa Masoko, kusini mwa Tukuyu, lina jengo la kijeshi la Wajerumani kando yake, na wenyeji husimulia kwamba askari waliokuwa wakikimbia walizitupa fedha zao majini. Sarafu za zamani zimeokotwa kweli kwenye ukingo wake. Mhusika aweza kuamini kwamba hazina yote imo chini, aweza kuzama kuitafuta, na aweza kufa akiitafuta, wala hakuna kosa. Kosa litaanza pale ambapo sauti ya msimulizi, ile ambayo msomaji ameizoea kuwa haidanganyi kuhusu miaka na majina, itakapoithibitisha hazina hiyo kama jambo lililotokea.

Mwishoni mwa mswada mwalimu aliongeza ukurasa mmoja wa maelezo. Alisema kwamba malafyale wake na familia ya mlipa kodi ni wa kubuni. Alisema kwamba Langenburg ya ziwani, meli na kiwango cha rupia 3 ni vya kweli. Alikiri kwamba amewakutanisha katika mwezi mmoja mmisionari na mkuu wa kituo ambao nyaraka haziwaonyeshi wakiwa pamoja, kwa kuwa mabishano yao juu ya wafungwa wa kodi ndiyo yaliyombeba binti hadi mwisho wa kitabu. Kuhusu chai, hela na bati hakusema neno, maana havikuwamo tena.